Anajikuta, anajimwambafai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matajiri wa kuigiza

Haya ni maneno ya mtaani ya Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania. Wengi wanaoniuliza ni ndugu waliokulia mbali na mjini, au watu wa makamo wanaosikia watoto wao wakicheka sebuleni bila wao kuelewa kinachochekesha. Sikuandika kamusi. Maneno ya pesa ni mengi mno na hubadilika kila baada ya miaka michache, kwa hiyo nimekaa zaidi kwenye kona moja: namna tunavyomsema mtu asiye nazo anayetaka tuamini kwamba anazo.

“Anajikuta” maana yake nini? Anajikuta wapi?

Hapo ndipo utani ulipo. Kwenye Kiswahili cha kawaida kitenzi hiki hakisimami peke yake. Mtu hujikuta amelala, hujikuta kituo cha polisi, hujikuta anacheka msibani. Lazima kifuate kitu cha kumalizia. Mtaani tumekikata mkia: “Yule dada anajikuta.” Nukta. Msikilizaji anaachiwa kazi ya kujaza: anajikuta tajiri, anajikuta maarufu, anajikuta mtoto wa waziri.

Ukisikiliza vizuri, maana ya kale bado imo ndani. Kujikuta ni kufika mahali bila kujua umefikaje. Ukisema fulani anajikuta, unasema ameamka asubuhi akajiona yuko kwenye ngazi ambayo hakuna aliyemuona akiipanda. Hakupandishwa na biashara, hakurithi shamba, wala hakuna aliyesikia kapandishwa cheo. Kajikuta tu.

Swali linalofuatana nalo ni “Unajikuta nani?” Halisubiri jibu. Na mtu akiwa anaeleza kisa, huongeza jina la tajiri anayejulikana nchi nzima: “Kashika elfu hamsini, anajikuta Mo Dewji.” Jina hubadilika kulingana na nani anavuma, ila muundo ni uleule.

Kwa nini karibu maneno yote ya kumsema mtu wa aina hii yana “ji”?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Hesabu mwenyewe: kujikuta, kujiona, kujisikia, kujidai, kujifanya, kujikweza, kujishaua, kujishebedua, kujitutumua, kujimwambafai. Si bahati nasibu.

“Ji” inarudisha kitendo kwa mtendaji. Sasa chukua kitenzi ambacho kwa kawaida kinahitaji watu wawili. Kukweza ni kumpandisha mwingine juu. Heshima ya namna hiyo hutoka kwa watu. Ukijikweza umeifanya mwenyewe kazi ambayo watu wengine ndio walitakiwa kukufanyia, na hiyo ndiyo aibu yake. Kuona vilevile: watu wanakuona mkubwa, basi wewe ni mkubwa. Ukijiona, shahidi uko peke yako. Kudai ni kutaka chako kwa mwenzako. Ukijidai, mdai ni wewe na mdaiwa ni wewe, na deni halilipiki.

Kwa hiyo anayesema “anajidai” hana haja ya kuongeza kwamba hakuna mtu mwingine anayekubaliana naye. Sarufi imeshamaliza kusema.

Kujitutumua kuna jambo la ziada: jasho. Ni kujivimbisha kwa nguvu kupita ukubwa wako, na anayelitumia anataka uione mishipa ya shingo. Ndiyo maana linaweza pia kuwa sifa. Timu ndogo ikirudisha mabao mawili kipindi cha pili, mtangazaji husema imejitutumua, na hakuna anayecheka. Kwenye pesa lakini, aliyejitutumua ni yule aliyealika watu hotelini kisha akaanza kupiga simu za mkopo chini ya meza.

Kujimwambafai ndilo la kisasa zaidi kati ya haya. Ndani yake yumo “mwamba”, jiwe kubwa, ambaye mtaani ni mwanaume wa shoka, mtu anayeogopwa. Mwishoni limebandikwa “-fai”, mlio wa vitenzi vya Kiingereza. Mkia huo wa kigeni unachekesha makusudi: mtu anayejifanya mkubwa tumempa kitenzi kinachojifanya Kizungu. Halibanwi kwenye pesa tu. Mtu anaweza kujimwambafai kwa cheo, kwa misuli, hata kwa kumjua polisi mmoja.

Basi kila “ji” ni kejeli?

Hapana, na hapa wageni hukosea. Ukimwambia rafiki yako “leo umejinafasi”, umemsifu: ametulia, anakula vizuri, amejipa anachostahili. Kujiachia ni kustarehe bila kujibana. Kujirusha ni kwenda muzikini.

Nikiyapanga naona hivi. “Ji” inauma pale kitenzi chenyewe ni cha hukumu, yaani kitu ambacho watu wengine ndio wanapaswa kukisema juu yako: kuona, kukuta, kukweza, kudai. Pale kitenzi ni cha mwili na starehe, “ji” haina ubaya, kwa sababu hakuna aliyepaswa kukufanyia. Kustarehe unastarehe mwenyewe.

Na “anavimba”? Mbona halina “ji”?

Halihitaji. Kitu kilichovimba kimejaa upepo au maji, si nyama. Angalizo moja tu: siku hizi vijana wamelipindua likawa la kutiana moyo. Kijana akimaliza chuo, wenzake humwandikia “Vimba mwanangu!”, yaani tembea kifua mbele, una haki. Ukisikia “vimba” kwa amri ni pongezi. Ukisikia “anavimba”, yeye hayupo hapo na anasengenywa.

Mwenye nazo kweli anaitwaje?

Kuna mshua, neno ambalo vijana walilitumia kwa baba au mzee wa nyumbani, likasogea kwa mzee mwenye uwezo. Kutoka hapo tukapata “kishua” (maisha ya kishua, mtoto wa kishua) na “ushuani”, maeneo kama Masaki na Oysterbay, kinyume cha uswahilini au uswazi. Kuna kibopa, kuna mzito, kuna mtu wa matawi ya juu. Mtoto wa kike anayelindwa nyuma ya ukuta ni geti kali. Maisha yao ni kula bata, na ukitaka kutia chumvi, kula kuku kwa mrija.

Angalia lakini: hakuna “ji” hata moja. Tajiri wa kweli anapewa nomino, tena mara nyingi na watu wengine. Wa kuigiza anapewa kitenzi, kwa sababu yeye hajawa kitu bado, yuko kazini.

Pedeshee ni nani?

Ni mwanaume anayemwaga pesa hadharani, hasa kwenye kumbi za dansi, akimtunza mwimbaji noti kwenye paji la uso huku jina lake likitajwa katikati ya wimbo. Neno lilikuja na muziki wa Kongo. Kwa Kifaransa mkuu wa kampuni hufupishwa kwa herufi tatu, PDG, zinazotamkwa “pe-de-she”. Wanamuziki wa Kikongo waliwapa wafadhili wao cheo hicho kama sifa, na sisi tukalipokea kwa sikio.

Cheo cha ofisini kikageuka cha ukumbini, na hilo ndilo lililoharibu jina. Mkurugenzi ana kampuni unayoweza kwenda kuitembelea. Pedeshee ana kiti cha mbele tu. Watu wakaanza kuuliza mchana anafanya kazi gani, na kwa kuwa wengine hawakuwa na jibu, neno likabaki kwenye mpaka kati ya heshima na kicheko. Leo ukimwita mtu “pedeshee” lazima nisikie sauti yako ndipo nijue umemaanisha lipi.

Mbona wazee husema “Wabenzi”? Ni kabila?

Ndiyo utani wenyewe. Neno lilizuka Afrika Mashariki miaka ya 1960, baada ya uhuru, likiwasema wakubwa wapya waliokuwa wakitembelea magari ya Mesedesi Benzi. Likawekwa kwenye ngeli ya watu kama Wazaramo au Wachaga: kabila ambalo mtu huzaliwa upya ndani yake siku akikabidhiwa ufunguo.

Tanzania ya wakati huo kejeli ya utajiri ilikuwa pia sera ya nchi. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha. Maneno kama kupe, kabaila na bwanyenye yalisikika mikutanoni. Katika hali hiyo mwenye pesa alijificha, na tatizo la mtu kujifanya tajiri halikuwa kubwa, maana kujifanya maskini ndiko kulikuwa na faida. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza miiko hiyo. Mali ikaruhusiwa kuonekana, na iliporuhusiwa kuonekana ikaanza pia kuigizwa.

Watu humgunduaje wa kuigiza?

Kwa vitu vidogo. Nitaje viwili ambavyo mtaa mzima unavijua.

Kwanza namba ya gari. Gari la mtu binafsi Tanzania lina herufi T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazosonga mbele kadiri magari yanavyosajiliwa. Ndiyo maana watu husema “kanunua namba E” kwa kujigamba, na gari la namba A hutaniwa kuwa limeona mengi. Ila namba inaonyesha gari limesajiliwa lini hapa, si limetengenezwa lini kule. Gari lililotumika miaka kumi na tano Japani likishuka bandarini jana litapata herufi za jana. Anayejua magari haangalii kibao, anaangalia taa na umbo la mlango. Halafu kuna rangi: kibao cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha gari la biashara. Mtu akipiga picha ameegemea ndinga na kuandika “nashukuru Mungu kwa hatua hii”, huku kibao cheupe kikichungulia chini ya goti lake, maoni yote hayatahusu uso wake.

Pili bunda la pesa. Noti ya elfu kumi, msimbazi, ni nyekundu. Ya elfu moja, buku, inaelekea bluu, na ni ndogo kidogo kwa umbo. Wa kuigiza huweka msimbazi mmoja juu na mmoja chini, katikati anajaza mabuku. Bunda la noti mia moja ambalo lingekuwa milioni moja linakuwa laki moja na elfu kumi na nane. Mbele linapendeza. Ubavuni linaonyesha bluu, na kingo haziko sawa. Ndiyo sababu kwenye picha hizi bunda huwa linaelekezwa kwenye kamera kama kadi ya mwaliko, halionyeshwi ubavu kamwe.

Unaweza kutoa mfano wa mtu aliyesemwa, mwanzo hadi mwisho?

Ninao mmoja, jina lake naliacha. Ilikuwa kamati ya harusi ya rafiki yetu. Kwa asiyejua, harusi zetu nyingi mjini huendeshwa kwa michango: kamati inakaa kila wiki, kila mtu anatoa ahadi, mweka hazina anaandika. Ni mahali hatari sana kwa mtu anayejikuta, kwa sababu ahadi hutolewa kwa sauti mbele ya watu na kulipwa baadaye kimyakimya kwa simu.

Kikao cha kwanza wengi tuliahidi elfu hamsini, wachache laki. Zamu ikafika kwa jamaa. Alisimama, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya, akafunga kifungo cha koti. “Mimi niandikieni laki tano. Na gari la bwana harusi msihangaike, niachieni mimi.” Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kamati, shangazi wa bwana harusi, hakupiga. Alimwambia tu mweka hazina, “Mwanangu, andika na tarehe.”

Ile tarehe ndiyo iliyommaliza. Kila Jumapili mweka hazina alituma orodha kwenye kundi la Wasapu: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Hakuna aliyemtaja jamaa kwa wiki nne. Wiki ya tano akatuma elfu hamsini na ujumbe mrefu kuhusu mzigo uliokwama bandarini. Orodha ikasoma: ahadi 500,000, ametoa 50,000, bado 450,000. Shangazi akajibu kwa neno moja, “Amina,” akaweka na maua.

Hapo ndipo maneno yalianza, na utaona yalivyopanda ngazi. Kwanza ilikuwa “jamaa anajitutumua”, ambalo bado lina huruma. Linakubali kwamba anajaribu. Wiki ya saba likawa “anajidai”. Wiki ya mwisho kabla ya harusi, alipouliza kwenye kundi kama meza za mbele zimeshapangwa, dada mmoja akaandika, “Jamani, shemeji yetu anajikuta.” Kundi likajaa vicheko, na hakukuwa na kurudi nyuma.

Siku ya harusi gari lilikuja. Zuri, limepambwa, kibao cheupe. Hata hilo lingesameheka, kukodi gari la harusi si aibu. Kila mtu anakodi. Kosa lake ni kwamba alikuwa amesema “gari langu la pili”. Bwana na bibi harusi waliposhuka, dereva hakuondoka. Alimfuata jamaa hadi kwenye ngazi akimkumbusha salio, kwa adabu kabisa, na adabu ile ilifanya kila mtu asikie. Aliyelipa ni shangazi. Alifungua pochi, akatoa misimbazi, akahesabu kimyakimya.

Hakumsema. Lakini tangu siku hiyo jamaa anaitwa Laki Tano, hadi na watoto wasiojua jina lilikotoka, na siku hizi mwenyewe huitika.

Bishoo na sharobaro nao ni matajiri wa kuigiza?

Si lazima. Bishoo ni mtanashati anayejipenda: pamba kali, marashi, mwendo wa kujihesabu. Sharobaro lilivuma kuanzia kama 2010 kwa vijana wa nywele zilizotengenezwa na sauti ya kulainisha. Wanaweza kuwa hawana kitu na wala hawadai kuwa nacho. Wanadai kupendeza tu. Mchekeshaji marehemu Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Tanga Novemba 2012, aliunganisha usharobaro na utajiri kwenye jina lake la kisanii, na sehemu ya kicheko ilikuwa hapo hapo: usharo unaonekana kwa macho, umilionea inabidi umwamini.

Pesa zikiisha, maneno gani hutumika?

Amefulia, kwa aliyekuwa nazo. Amechacha, kama wali wa jana. Apeche alolo, kwa asiye na hata jero ya nauli. Tofauti muhimu: kufulia kunahitaji kwamba uliwahi kuwa nazo. Mtu wa kuigiza akisema “nimefulia” anapata bado sifa ya mwisho, kwa sababu anadai kwamba kulikuwa na kitu cha kuisha. Watu wenye masikio makali humkatalia hata hilo. “Hajafulia huyo. Alikuwa nazo lini?”

Kenya wanasemaje?

Kwenye Sheng tajiri ni sonko au mdosi, na watoto wa mitaa ya kifahari ni mababi. Kuringa na kujigamba tunashiriki. “Anajikuta” Mkenya ataielewa ukimweleza, ila wengi wataisubiri ile sehemu iliyokatwa.

Ninaweza kumwambia mtu usoni kwamba anajikuta?

Rika lako, ndiyo, mkiwa mnataniana, na uwe tayari kurudishiwa. Mashemeji na mabinamu huambiana bila shida. Mkubwa wako kwa umri humwambii. Kwa mzee hata “kujidai” ni zito, na “kujikweza” ndilo linalokaribia adabu kwa sababu lina harufu ya mahubiri. Wanawake wa mwambao wana njia yao ya zamani, kuvaa khanga yenye maneno yanayofaa na kupita mbele ya mlango wa mhusika mara mbili. Ukifuatwa na kuulizwa, khanga ni khanga tu, uliinunua kwa rangi.

Usilitumie kwa aliyepata kweli na ambaye unamwonea wivu. Watu watajua, na neno litakurudia wewe.